Kikohozi cha Kidonge: Maswali Yenu Juu ya Dawa za Tansio



Kwenye dispanseri yetu hapa Hombo tunapokea kila mwezi watu wa tansio wanaokuja kuchukua vidonge vyao. Wengi wanaondoka bila kuuliza neno. Lakini wachache wanarudi baada ya wiki chache wakiwa na swali moja: «Munganga, dawa hii inanikohoza. Je, niiache?» Wengine hawaulizi. Wanaiacha peke yao, au wanakwenda farmasi ya sokoni kununua dawa ya kifua. Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndiyo sababu ya somo la leo.

Tutazungumza juu ya familia mbili za dawa za tansio. Familia ya kwanza utaijua kwa jina linaloishia kwa «pril»: kaptopril, enalapril, lisinopril. Familia ya pili jina lake linaishia kwa «sartan»: losartan, valsartan, telmisartan. Angalia karatasi ya vidonge vyako sasa hivi, kisha uendelee kusoma. Ikiwa jina haliishii hivyo, kwa mfano amlodipin, kwa kawaida kikohozi chako hakitoki kwenye kidonge hicho.

Mfanyakazi mwenye kazi mbili

Ili tuelewe kikohozi kinatoka wapi, tutazame kazi ya ndani ya mwili.

Katika damu na katika mapafu kuna kimeng'enya kimoja. Tumfikirie kama mfanyakazi wa galeri mwenye kazi mbili. Kazi yake ya kwanza ni kutengeneza kitu kinachoitwa angiotensini ya pili. Angiotensini hiyo inabana mishipa ya damu, kama mtu anayekaza bomba, na tansio inapanda. Kazi yake ya pili ni kufagia: anavunja na kuondoa kitu kingine kinachoitwa bradikinini, ambacho mwili unakitengeneza kila siku.

Dawa za «pril» zinamsimamisha mfanyakazi huyu. Bomba halikazwi tena, na tansio inashuka. Hilo ndilo tunalotaka. Lakini ufagio nao umesimama. Bradikinini inajikusanya katika njia za hewa, inawasha mishipa midogo ya fahamu ya kooni na kifuani, na mtu anakohoa. Kikohozi hicho hakitokani na mdudu wala na baridi. Ni takataka ambayo haikufagiwa.

Jambo hili si geni kwa waliogundua dawa hizi. Mwaka 1965, mtaalamu wa Brazili aitwaye Sérgio Ferreira alionyesha kwamba sumu ya nyoka wa kwao, jararaka, inaipa bradikinini nguvu zaidi. Kutokana na uchunguzi wa sumu hiyo ikapatikana kaptopril, iliyoruhusiwa kutumiwa Amerika mwaka 1981. Kwa hiyo bradikinini ilikuwa ndani ya habari ya dawa hizi tangu mwanzo, na kikohozi ni mtoto wake.

Dawa za «sartan» zilikuja nyuma. Losartan ilianza kuuzwa mwaka 1995. Hizi hazimgusi mfanyakazi wetu. Zinamwacha atengeneze angiotensini na afagie bradikinini. Zinachofanya ni kufunga mlango ambao angiotensini inapitia ili kubana mishipa. Amri inatolewa, lakini haifiki. Tansio inashuka, na galeri inabaki imefagiwa. Ndiyo maana watu wa losartan hawapati kikohozi hiki zaidi ya watu wengine.

Namna ya kukitambua

Kikohozi cha kidonge ni kikavu. Hakitoi makohozi. Mtu anasikia mtekenyo kooni, kama unyoya, na kinazidi akilala usiku. Hana homa, hakondi, hatoi jasho la usiku. Kinaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, au baada ya wiki, au hata baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo usiseme: «Dawa hii nimeinywa miezi mitatu bila shida, haiwezi kuwa yenyewe.» Inaweza.

Katika watu 100 wanaokunywa dawa za «pril», kwa kawaida 5 hadi 20 wanakohoa. Wanawake wanakohoa zaidi ya wanaume. Kupunguza kipimo cha kidonge hakusaidii sana, na kutoka enalapril kwenda lisinopril hakusaidii, kwa sababu ni ndugu wa baba mmoja. Siropu ya kikohozi haifanyi kitu. Antibiotiki haifanyi kitu. Dawa ya kikohozi hiki ni moja: kuacha «pril» kwa amri ya munganga, na kungoja. Mara nyingi kinaisha kati ya wiki 1 na wiki 4. Kwa watu wachache kinachukua hadi miezi 3.

Lakini ewe mtu wa mgodi, shika neno hili. Wewe unavuta vumbi la mawe, na unakaa katika kambi ambako kifua kikuu hakijaisha. Kikohozi chako hakina ruhusa ya kuitwa «kikohozi cha kidonge» mpaka mengine yamechunguzwa. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, leta makohozi yapimwe. Kama una makohozi yenye damu, homa ya jioni, jasho la usiku au unakonda, usingoje wiki mbili. Na kama umefanya kazi ya kutoboa mawe miaka mingi na pumzi inakatika, utahitaji picha ya mapafu. Tunafanya mambo mawili pamoja: tunachunguza kifua, na tunabadilisha kidonge. Hatuchagui moja na kusahau lingine.

Mfano wa fundi wa pompi

Sasa tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme ni fundi wa pompi mwenye miaka 52. Tansio yake ilikuwa 170 juu ya 104. Tulimwanzishia amlodipin, ikafika miligramu 10 kwa siku, na tansio ikashuka hadi 156 juu ya 96. Bado ilikuwa juu. Mkojo wake ulikuwa na protini, alama ya kwamba figo zimeanza kuumia. Kwa sababu ya figo hizo, daktari aliongeza enalapril miligramu 10, kwani dawa za familia hii, na za «sartan» pia, zinalinda figo zinazovujisha protini.

Wiki ya tano akaanza kukohoa. Mke wake alikuwa wa kwanza kuona, maana ndiye aliyekosa usingizi. Fundi hakuja dispanseri. Aliogopa kuambiwa ana kifua kikuu na kuondolewa shimoni. Akanunua siropu. Haikusaidia. Akanunua amoksisilin siku tano. Haikusaidia. Kisha muuzaji wa farmasi akamwambia: «Papa, chukua Baktrim ya nguvu, asubuhi na jioni.» Na kwa sababu mbavu zilimuuma kwa kukohoa, akaongeza ibuprofen mara tatu kwa siku.

Siku ya sita ya Baktrim, alipokuwa anapanda ngazi mwisho wa zamu, miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Kapita wake akamshika mkono. Alipofika kwetu, mapigo ya moyo yalikuwa 48 kwa dakika, na hayakwenda sawa.

Hakikuwa kifua kikuu kilichomlegeza. Ilikuwa potasiamu.

Potasiamu ni nini, na inapandaje

Potasiamu ni chumvi iliyo ndani ya chakula chetu karibu chote: ndizi, sombe, lengalenga, maharagi, viazi, avoka. Misuli inaihitaji, na moyo ni msuli. Katika damu inatakiwa iwe kati ya 3,5 na 5 milimoli kwa litre. Kinachozidi kinatolewa na figo kwa njia ya mkojo.

Figo zinapata amri ya kutoa potasiamu kutoka kwa homoni iitwayo aldosteroni. Na nani anaiamsha aldosteroni? Ni ile angiotensini ya pili. Basi ukiizuia angiotensini, aldosteroni inapungua, na figo zinatoa potasiamu kidogo kuliko kawaida.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanakosea. Dawa ya «pril» inaizuia angiotensini kwa kumsimamisha anayeitengeneza. Dawa ya «sartan» inaizuia kwa kufunga mlango wake. Njia ni mbili, lakini mwisho ni mmoja: aldosteroni inashuka, potasiamu inapanda. Kubadilisha «pril» kwa «sartan» kunaondoa kikohozi. Hakuondoi hatari ya potasiamu.

Kwa mtu mwenye figo nzima, potasiamu inapanda kidogo tu na hakuna shida. Shida inakuja wakati jambo la pili na la tatu vinaongezeka juu ya la kwanza. Kwa fundi wetu yalikuwa manne. Figo zake zilikuwa zimeumia kidogo. Enalapril ilikuwa imeshusha aldosteroni. Baktrim ina ndani yake dawa iitwayo trimetoprim, ambayo nayo inazuia figo zisitoe potasiamu. Na ibuprofen inapunguza damu inayofika katika figo, hata kazi yao yote inalegea. Kila kitu peke yake kingevumilika. Vinne pamoja vilifunga mlango kabisa.

Hatari ya Baktrim pamoja na dawa hizi imeandikwa na wataalamu. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa jimbo la Ontario, Kanada, juu ya wazee wenye miaka 66 na zaidi waliokuwa wanakunywa «pril» au «sartan». Waliopewa Baktrim waliingia hospitali kwa potasiamu iliyozidi karibu mara 7 kuliko waliopewa amoksisilin. Ona kwamba walihesabiwa watu wa «pril» na wa «sartan» pamoja. Losartan haikuwakinga.

Potasiamu iliyopanda ni mwizi asiye na kelele. Mara nyingi haileti dalili yoyote mpaka imefika mbali. Dalili zikija ni miguu mizito, ulegevu wa misuli, moyo unaoruka au unaopiga polepole. Ikizidi zaidi, moyo unasimama. Kwa mtu aliye juu ya ngazi shimoni, hata ulegevu peke yake unatosha kuua.

Kilichofanyika

Tulizuia enalapril, Baktrim na ibuprofen papo hapo, tukampeleka hospitali. Elektro ya moyo ilionyesha alama za potasiamu, na damu ilisema 6,7. Walimpa kalsiamu kwa mshipa ili kuukinga moyo. Walimpa insulini pamoja na sukari ili potasiamu irudi ndani ya chembe za mwili. Walimpa maji kwa mshipa ili figo zifanye kazi, wakaendelea kumpima. Siku ya tano potasiamu ilikuwa 4,6.

Makohozi yake yalipimwa: hakuna kifua kikuu. Picha ya mapafu haikuonyesha jipya. Na mwisho wa wiki ya tatu bila enalapril, mke wake akasema: «Munganga, sasa tunalala.» Huo ndio ushahidi wa mwisho wa kikohozi cha kidonge: kuisha kwake baada ya kidonge kuachwa.

Ikabaki tansio, na ikabaki mkojo wenye protini. Daktari alimpa losartan, akianza na miligramu 25 tu, juu ya amlodipin yake. Damu ilipimwa baada ya wiki moja: potasiamu 4,8. Ikapandishwa hadi miligramu 50, damu ikapimwa tena baada ya wiki mbili: 4,9. Tansio ilikuwa 134 juu ya 84, na hakukohoa. Katika kitabu chake tuliandika kwa kalamu nyekundu: «Asipewe Baktrim. Asipewe ibuprofen wala diklofenak.»

Kama mkojo wake usingekuwa na protini, njia rahisi zaidi ingekuwapo: kuacha familia zote mbili na kuongeza dawa ya kukojoza iitwayo hidroklorotiazid. Hiyo haileti kikohozi, na potasiamu inaishusha badala ya kuipandisha. Tena inatufaa sisi Waafrika. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya uchunguzi ulioitwa CREOLE, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo, kwa watu 728 wenye tansio. Walilinganisha michanganyo mitatu ya dawa mbili mbili. Michanganyo miwili yenye amlodipin, mmoja pamoja na hidroklorotiazid na mwingine pamoja na perindopril, ilishusha tansio vizuri zaidi kuliko perindopril na hidroklorotiazid bila amlodipin. Ndiyo maana kwetu wengi wanaanza na amlodipin, na «pril» au «sartan» inakuja nyuma, ikiwa na sababu yake.

Juu ya kupima damu

Mtu wa «pril» au «sartan» anatakiwa apimwe potasiamu na kreatinini, kipimo cha figo, kabla ya kuanza. Apimwe tena baada ya wiki 1 hadi 2, na kila mara kipimo cha dawa kinapopandishwa. Baadaye, ikiwa figo ni nzima, mara moja kwa mwaka inatosha. Mwenye figo dhaifu apimwe mara nyingi zaidi. Potasiamu ikipita 5,5 tunatafuta sababu na kupunguza dawa. Ikifika 6 tunaiacha na kumpeleka mgonjwa hospitali siku ile ile.

Hapa Hombo kuna shida moja ya kipekee. Wengine wanaomba damu itolewe hapa, ichupa ipelekwe Bukavu kwa pikipiki kwa njia ya Bunyakiri. Jamani, kwa potasiamu jambo hilo linadanganya. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu ndani yake. Chupa ikitikiswa na mashimo ya barabara, na ikakaa saa nyingi, chembe zinapasuka au zinavuja, na labo inasoma potasiamu nyingi ambayo haimo mwilini mwako. Barafu nayo haisaidii, maana baridi inazidisha kuvuja. Utaambiwa una 6,3, uachishwe dawa nzuri bure. Au ubaya mwingine: munganga atazoea kusema «ni chupa tu», na siku moja itakuwa kweli.

Basi, ni mtu anayesafiri kwenda labo, si chupa. Ukifika, usikunje na kukunjua ngumi wakati wa kutolewa damu, maana hilo nalo linapandisha hesabu. Na jibu la juu kwa mtu asiye na dalili lirudiwe haraka, na elektro ya moyo ipigwe kama ipo. Lakini mtu mwenye miguu mizito au mapigo ya polepole hangoji kurudiwa. Huyo anatibiwa.

Maswali mliyotuletea

*Mimi ninakohoa na losartan. Inawezekana?*

Unaweza kukohoa kwa sababu nyingine yoyote, kama mtu asiyekunywa dawa. Katika uchunguzi mkubwa uitwao ONTARGET, uliotangazwa mwaka 2008, watu zaidi ya 25 000 waligawanywa katika makundi ya ramipril, telmisartan, na zote mbili pamoja. Kwa kila watu 100, waliolazimika kuacha ramipril kwa ajili ya kikohozi walikuwa 4 hivi. Wa telmisartan, 1 hivi. Kwa hiyo ukikohoa na «sartan», usimlaumu kidonge haraka. Njoo tupime makohozi.

*Kama moja inafaa, mbili pamoja hazifai zaidi?*

Hapana. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba waliokunywa zote mbili hawakukingwa zaidi na magonjwa ya moyo, lakini walipata zaidi madhara ya figo, potasiamu iliyozidi na kizunguzungu. Ukiwa na «pril» ya zamani nyumbani na sasa umepewa «sartan», usinywe zote. Rudisha za zamani dispanseri.

*Je, niache ndizi na sombe?*

Kama figo zako ni nzima, kula chakula chako. Kama tumekuambia figo ni dhaifu, punguza, na chemsha majani na viazi kwa maji mengi, kisha umwage maji hayo. Sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Lakini angalia chumvi. Chumvi ile inayouzwa mjini kwa watu wa tansio, «chumvi isiyo na sodiamu», mara nyingi ni potasiamu. Chumvi ya majivu ambayo wazee wanaichuja kutoka maganda ya ndizi na majani nayo imejaa potasiamu. Mtu wa «pril» au «sartan» asiitumie. Ni bora chumvi ya kawaida, kidogo.

*Nikihara au kutapika, niendelee na kidonge?*

Njoo siku ile ile. Mwili ukikauka, figo zinakosa maji na potasiamu inapanda. Mara nyingi tutakuambia upumzishe «pril» au «sartan» siku moja au mbili, mpaka unakula na kunywa vizuri, kisha uirudie. Hilo ni kwa wanaofanya kazi katika galeri za joto pia: kunywa maji zamu nzima.

*Mke wangu ana tansio na ni mja mzito. Anaweza kunywa dawa yangu?*

Hapana kabisa. «Pril» na «sartan», zote mbili, zinaharibu figo za mtoto tumboni na zinaweza kumuua. Mama anayezinywa na kuona mimba imeingia, aje mara moja tumbadilishie. Zipo dawa nyingine za tansio zinazofaa wakati wa mimba.

*Midomo yangu ilivimba usiku, ikaisha yenyewe asubuhi. Ni mzio wa chakula?*

Kama unakunywa «pril», usikinywe kidonge cha leo, njoo sasa. Ni bradikinini ile ile, lakini safari hii haikohozi, inavimbisha. Mara nyingine itakapovimba inaweza kuwa ulimi na koo, na hewa ikazibika. Watu wa asili ya Afrika wanapatwa na jambo hili zaidi ya wengine. Aliyevimba hivyo mara moja hatapewa tena «pril» yoyote maisha yake yote. Hata «sartan» atapewa kwa uangalifu, na daktari tu.

Ya kukumbuka

Kikohozi kikavu na jina la kidonge linaloishia kwa «pril»: njoo dispanseri, si farmasi ya sokoni. Kikohozi kinachopita wiki mbili: leta makohozi, hata kama unadhani ni kidonge. Ukienda kununua dawa yoyote, kwanza sema: «Ninakunywa dawa ya tansio, jina lake ni hili.» Baktrim, ibuprofen na diklofenak ukatae mpaka umetuuliza.

Na usiache kidonge peke yako. Fundi wetu aliogopa kuondolewa shimoni, akaficha kikohozi ambacho tungekiondoa kwa kubadilisha karatasi moja ya vidonge. Alichokificha hakikuwa hatari. Alichokinywa ili kukificha ndicho kilichokaribia kumwangusha kutoka ngazi.

Mama wa nyumbani, wewe unasikia kikohozi cha usiku kabla yetu. Mlete mumeo, na ulete pamoja naye karatasi zote za dawa zilizomo nyumbani, hata zile zilizofichwa chini ya godoro. Tutazisoma pamoja, moja moja.